Weupe wa Meno Uishie Wapi?

Katika picha nyingi za harusi siku hizi, kwenye safu ya ndugu na marafiki waliojipanga mbele ya ukumbi, huwa kuna mmoja ambaye macho ya mtazamaji yanakwenda kwanza kinywani mwake, kisha ndipo yanapoiona sura. Meno yake hayana doa na ni meupe pe, lakini hakuna anayeuliza kama ni ya asili. Wote wanajua yamefanyiwa kitu. Mwenye meno hakukosea kutaka weupe. Alichokosa ni mtu wa kumwambia mapema weupe huo uishie wapi.

Wengi huingia kwa daktari wa meno wakidhani wataonyeshwa kadi, wachague rangi moja kama wanavyochagua rangi ya ukuta dukani, kisha wapakwe. Kung'arisha meno hakuendi hivyo, kwa sababu dawa inayotumika haipaki chochote. Inaondoa. Inapunguza rangi iliyomo ndani ya jino kidogo kidogo, na kila jino lina mahali linapogota, likawa haliwezi kuwa jeupe zaidi ya hapo. Kwa hiyo uamuzi wa mgonjwa na daktari wake si rangi gani ipakwe, bali ni wapi pa kusimama katika safari hiyo, na tofauti kati ya meno yanayopendeza na yale ya kwenye picha mara nyingi ni siku chache tu za dawa.

Rangi ya jino inatoka ndani

Sehemu ya nje ya jino ni enameli, tabaka gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini. Enameli inapitisha mwanga. Chini yake kuna dentini, ambayo kwa asili ina umanjano. Tunapotazama jino, sehemu kubwa ya rangi tunayoiona ni ya dentini ikichungulia kupitia enameli.

Ndiyo maana jino lenye afya halina rangi moja. Karibu na ufizi enameli ni nyembamba, hivyo umanjano unaonekana zaidi. Katikati ya jino enameli ni nene na rangi inafifia. Kwenye ncha hakuna dentini nyuma yake, kwa hiyo ncha hupitisha mwanga na huwa na ukijivu kidogo, au hata ubuluu kwa mbali. Meno nayo hayalingani. Meno ya chonge, yale yaliyochongoka pembeni, yana dentini nyingi, na karibu kwa kila mtu yana rangi iliyokolea kuliko meno manne ya mbele yaliyo kati yake. Umri unapoongezeka enameli hulika, na ndani ya jino dentini mpya huendelea kujengwa, ndiyo maana meno ya mtu wa miaka 60 hayawezi kufanana na ya kijana wa miaka 20 hata kama wote wawili wanapiga mswaki vizuri.

Jicho la mtu yeyote limezoea mpangilio huo bila kufundishwa. Likiona kinywa ambacho shingo ya jino, katikati na ncha vina rangi moja, na meno ya chonge yana weupe uleule wa meno ya mbele, linashtuka kabla mwenyewe hajajua kwa nini. Mara nyingi kinachowafanya watu waseme "meno ya bandia" ni kule kulingana kupita kiasi, na wala si weupe wenyewe.

Dawa inayong'arisha ni haidrojeni peroksaidi. Hupenya enameli hadi kwenye dentini na kuvunjavunja molekuli zinazobeba rangi. Jeli za kutumia nyumbani kwa kawaida hubeba kabamaidi peroksaidi, ambayo ikilowa mate hutoa haidrojeni peroksaidi polepole. Jeli ya asilimia 10 hutoa takriban asilimia 3.5. Kinachopungua haraka katika siku za mwanzo ni umanjano. Baada ya hapo mwendo hupungua, na siku moja unafika mwisho. Anayeendelea kuweka dawa baada ya hapo anaambulia ganzi ya meno na si weupe.

Vipande 16 na ahadi za "ngazi nane"

Kifaa kinachotumika zaidi duniani kutambua rangi ya meno ni ubao mdogo wenye vipande 16 vilivyotengenezwa kwa umbo la jino, uliotolewa na kampuni ya Vita ya Ujerumani mwaka 1956. Vipande vimegawanywa kwa herufi. Kundi A lina wekundu wenye hudhurungi, kundi B lina wekundu unaoelekea umanjano, kundi C ni la kijivu, na kundi D ni la kijivu chenye wekundu. Namba inayofuata herufi huonyesha ukolezi: A1 ni hafifu, A4 imekolea. Kati ya hizo, A2 na A3 ndizo zinazokutwa sana kwenye vinywa vya watu wazima.

Kwa kazi ya kung'arisha, vipande hivyo hupangwa upya kwa kufuata mwangaza, kuanzia kilicho cheupe zaidi hadi kilicho cheusi zaidi: B1, A1, B2, D2, A2, C1, C2, D4, A3, D3, B3, A3.5, B4, C3, A4, C4. Msomaji hana haja ya kuukariri mpangilio huu. Inatosha kujua mambo mawili. Kwanza, B1 ndiyo rangi nyeupe kuliko zote katika ubao huo wa meno ya kawaida. Zipo rangi zilizo nyeupe kuliko hiyo, kama 0M1, 0M2 na 0M3, lakini ziliongezwa baadaye kwa ajili ya meno yaliyong'arishwa. Mtu mzima akikwambia anataka 0M1, anaomba rangi ambayo ni nadra sana kuipata kwa maumbile.

Pili, matangazo yanayoahidi "ngazi nane za weupe" yanahesabu vipande katika mpangilio huo, na hesabu hiyo hudanganya. Mwenye C4, aliye mwisho kabisa, akipanda ngazi nane anafika D4, ambayo bado ni rangi iliyokolea. Mwenye A2 hana hata ngazi nane za kupanda. Zipo nne tu mbele yake hadi B1. Tena umbali kati ya kipande na kipande haulingani, kwa hiyo ngazi mbili za mtu mmoja zinaweza kuonekana wazi kuliko nne za mwingine. Swali lenye maana kwa mteja ni, "Naanzia kipande kipi, na tunalenga kipi?" Asiyejibiwa hilo kwa herufi na namba hajajibiwa.

Kupima kabla meno hayajakauka

Rangi ya kuanzia hupimwa mwanzo kabisa, mgonjwa akiwa ameketi tu, meno yakiwa na mate yake. Sababu ni kwamba jino likikauka hung'aa. Maji yaliyomo ndani ya enameli yakipungua, mwanga hautawanyiki tena kwa namna ileile, na jino huonekana jeupe na lenye unga kuliko lilivyo. Dakika chache za kukaa mdomo wazi na vitanua midomo zinatosha kuleta mabadiliko hayo, na jino huchukua saa 24 au zaidi kurudi katika hali yake.

Hapo ndipo penye mtego mkubwa wa kung'arisha kwa kikao kimoja chini ya taa. Mteja hukaa saa nzima mdomo wazi, meno yakiwa yamezuiwa mate, na dawa kali ikiwekwa kwa awamu. Akipewa kioo mwishoni, sehemu ya weupe anaouona ni ukavu tu. Kesho yake meno yanapolowa, weupe unashuka, naye hudhani dawa imeshindwa na kurudi kudai kikao kingine. Taa yenyewe haiongezi matokeo ya kudumu. Kazi inafanywa na peroksaidi. Picha ya "kabla na baada" iliyopigwa mteja akiwa bado kwenye kiti haimwambii mtu chochote kuhusu rangi atakayokuwa nayo wiki ijayo.

Mwanga nao una neno. Balbu ya manjano huongeza umanjano kwenye jino, na zile taa za buluu za saluni huuficha. Mahali pazuri ni karibu na dirisha mchana, mbali na jua la moja kwa moja, au chini ya taa maalumu inayoiga mwanga wa mchana. Rangi ya midomo hufutwa kwanza, na nguo yenye rangi kali hufunikwa kwa kitambaa cha kijivu, kwa kuwa jicho hupima rangi kwa kulinganisha na kilicho jirani. Kipande huwekwa sambamba na jino, ncha kwa ncha, na kutazamwa kwa sekunde chache tu kabla ya kupumzisha macho, kwa sababu jicho likikazia muda mrefu huchoka na kuuzoea umanjano. Ukifumba macho nusu, rangi hufifia na kinachobaki ni tofauti ya mwangaza, na hicho ndicho unachotaka kukipima.

Kisha hupigwa picha, kipande kikiwa ndani ya picha hiyohiyo pamoja na jino. Simu hurekebisha mwanga yenyewe bila kukuuliza, hivyo picha ya meno peke yake haiaminiki. Lakini kipande kikiwemo, chochote ambacho simu imefanya kwa jino imekifanya kwa kipande pia, na ulinganisho unabaki wa haki.

Macho, ngozi na ufizi

Madaktari wanaoshughulika na urembo wa meno wana kanuni rahisi ya mazoea: meno yasizidi weupe wa macho ya mwenyewe. Weupe wa jicho uko sentimita chache tu kutoka kinywani, na mtu anayezungumza nawe huvitazama vyote viwili kwa kupokezana. Meno yakiwa meupe kuliko macho, macho huonekana yamechoka au ya manjano, hata kama ni mazima.

Kwa watu wenye ngozi nyeusi kanuni hii ina uzito wa pekee. Weupe wa macho yao mara nyingi una ukahawia hafifu wa asili, hasa kwa mtu aliyeishi miaka mingi juani na kwenye vumbi. Hayo si maradhi, ni rangi ya mwili ileile iliyoko kwenye ngozi. Papo hapo, ngozi nyeusi hufanya jino lolote lionekane jeupe kuliko lilivyo, kwa sababu ya kupishana kwa rangi. Jino la A2 kwenye sura nyeusi huonekana limeng'aa, wakati jino hilohilo kwenye sura nyeupe lingeonekana la kawaida tu. Ufizi wenye rangi nyeusi, ambao ni wa kawaida kwa Waafrika wengi, huongeza tofauti hiyo, kwani unazunguka jino lenyewe.

Kwa hiyo mtu wa Mombasa au Tabora akiiga rangi aliyoiona kwenye tabasamu la mcheza filamu wa Ulaya, anapata matokeo makali kuliko yule aliyemwiga. Ngozi yake imeshamfanyia nusu ya kazi. Kwa wengi wa namna hiyo, A1 inatosha kabisa, na kwa aliyevuka miaka 50, A2 huonekana safi na ya kweli kuliko B1.

Mfano mmoja hatua kwa hatua

Tuchukue mfano wa mwalimu wa miaka 38 wa Dar es Salaam, mnywaji wa chai ya rangi tangu utotoni. Mdogo wake anaolewa baada ya wiki nane, naye anataka meno meupe. Jino lake moja la mbele juu lina ziba ya zamani kwenye kona, iliyowekwa alipovunjika akiwa msichana.

Daktari haanzi na dawa. Anatafuta kwanza meno yaliyotoboka na fizi zinazotoka damu, kwa kuwa peroksaidi ikiingia kwenye tundu itauma vibaya. Kisha anakwangua ugaga na kusugua madoa ya chai yaliyoko juu juu. Baada ya usafi huo meno yanakuwa yameshapanda hatua bila dawa yoyote, na wapo watu ambao wangeishia hapo wakaridhika. Siku nyingine, karibu na dirisha, vipimo vinachukuliwa: meno ya mbele ni A3, ya chonge ni A4, ziba ni A3.

Hapo wanapanga lengo. Macho ya mwalimu ni ya rangi ya maziwa, na ngozi yake ni nyeusi. Wanakubaliana A1 kwa meno ya mbele, na chonge zibaki nyuma kwa hatua mbili tatu. Ziba inaandikwa kwenye faili kuwa itabadilishwa mwishoni, kwa sababu dawa haibadilishi rangi ya ziba wala ya kauri. Angekuwa na jino lililovishwa kofia nzima ya kauri yenye rangi ya A2, na hana fedha ya kuibadili, mpango wote ungegeuka: kofia ndiyo ingekuwa lengo, na dawa ingesimamishwa pale meno ya jirani yanapoifikia.

Njia inayochaguliwa ni ile iliyoelezwa mwaka 1989 na madaktari wa Kimarekani Haywood na Heymann, ambayo hadi leo ndiyo iliyozoeleka zaidi kwa usalama. Vipimo vya taya vinachukuliwa, zinatengenezwa trei nyembamba za plastiki, na mgonjwa anaweka jeli ya asilimia 10 na kulala nayo. Tone dogo kwa kila jino linatosha. Inayofurika kwenye ufizi ifutwe. Mwalimu anaanza na taya la juu peke yake. Sababu ni kwamba mtu anayejiona kwenye kioo kila siku hawezi kuona mabadiliko yanayokuja taratibu. Taya la chini likiachwa kama lilivyo linakuwa shahidi wake.

Wiki ya kwanza inapoisha, meno ya mbele ya juu yamefika A2 na chonge ni A3.5. Maji baridi yanampa ganzi, jambo la kawaida, hivyo anapumzika usiku mmoja na kuweka kwenye trei dawa ya mswaki ya meno yenye ganzi, iliyo na potasiamu naitreti. Usiku wa 14 meno ya mbele yanasoma B1, yaani yamevuka lengo kwa hatua moja. Hilo limekusudiwa, kwa sababu rangi hushuka kidogo baada ya dawa kuachwa. Chonge bado ni A3, na pengo kati yake na meno ya jirani limekuwa kubwa kuliko la asili. Kwa hiyo anaambiwa aweke jeli kwenye matundu mawili tu ya trei, ya chonge, kwa usiku tano zaidi. Zinafika A2, na hapo zinaachwa.

Taya la chini linafuata kwa wiki mbili. Kisha anasubiri wiki mbili nyingine bila dawa. Muda huo una kazi mbili: rangi inatulia mahali itakapokaa, na oksijeni iliyobaki ndani ya jino inatoka. Ziba mpya ikiwekwa mapema, oksijeni hiyo huizuia kushika vizuri, na rangi yake italinganishwa na jino ambalo bado linashuka. Kipimo cha mwisho kinaonyesha A1 mbele na A2 kwenye chonge zenye shingo ya manjano kidogo. Ziba mpya inawekwa ya A1, na ncha yake inajengwa kwa rangi inayopitisha mwanga. Ni wiki ya saba, na harusi iko mbele.

Meno ya Meru na Bonde la Ufa

Wako watu ambao mwalimu wetu si mfano wao. Kwenye miteremko ya Mlima Meru, katika sehemu za Arusha na Kilimanjaro, na Kenya kwenye maeneo ya Bonde la Ufa kama Nakuru na Naivasha, miamba ya volkano imejaza floraidi kwenye maji. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni kisizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya huko huvuka hapo. Mtoto anayekunywa maji hayo enameli ikiwa bado inajengwa, yaani katika miaka yake minane hivi ya mwanzo, huota meno yenye michirizi na mabaka meupe ya chaki. Baadaye mabaka hayo, yaliyo na vitundu vidogo vidogo, hunyonya rangi na kuwa ya kahawia.

Rangi hiyo haitoki kwa mswaki, wala haimaanishi uchafu. Na kanuni za kuchagua weupe hapa zinabadilika, kwa kuwa kinacholetea jino sura isiyo ya kawaida ni mabaka, si umanjano. Kwa mwenye mabaka meupe tu, lengo linaweza kusogezwa hadi B1 kwa makusudi, ili jino lote liyakaribie mabaka na tofauti ifichike. Lakini ajue kwamba siku za mwanzo mabaka huonekana makali zaidi kuliko kabla ya dawa. Wengi huacha hapo kwa hofu, wakati ambapo wiki mbili tatu mbele sehemu nyingine ya jino ingekuwa imeyafuata.

Kwa mabaka ya kahawia, daktari huweza kwanza kukwangua tabaka jembamba sana la juu kwa mchanganyiko wa tindikali na unga mgumu, kisha ndipo dawa ya kung'arisha ifuate. Pale ambapo jino lina mashimo na enameli inamegeka, kung'arisha peke yake hakufai. Panahitajika kujaza au kufunika. Daktari mkweli atasema hivyo kabla ya kupokea fedha.

Dalili kwamba umepita

Ncha za meno ndizo hutoa habari ya kwanza. Mtu anayezidisha dawa huona ncha zikigeuka za kijivu au buluu, naye hudhani ni doa lililobaki, hivyo anaongeza dawa. Kumbe kijivu hicho ni giza la ndani ya kinywa likionekana kupitia enameli isiyo na dentini nyuma yake. Hapo awali umanjano wa jirani ulikuwa unakificha. Hakuna dawa ya kukiondoa, na kila usiku unaoongezwa unakiweka wazi zaidi. Ukikiona kinaanza, simama.

Dalili ya pili ni shingo ya jino kupoteza umanjano wake wote, au chonge kushindwa kutofautishwa na meno ya mbele. Ya tatu ni ganzi isiyoisha siku chache baada ya kuacha dawa. Na kama meno yanatoka kwenye picha za usiku kabla ya sura, hiyo nayo ni taarifa.

Wapo wanaotafuta weupe kwa ndimu, magadi au unga wa mkaa. Ndimu huyeyusha enameli na mkaa huikwangua. Jino hung'aa siku chache kwa sababu madoa ya juu yametoka, kisha enameli ikiwa nyembamba, dentini inachungulia zaidi na jino linakuwa la manjano kuliko mwanzo. Enameli iliyopotea hairudi kwa peroksaidi wala kwa kusubiri.

Aliyezidisha dawa ya kawaida ana nafuu kubwa. Akiacha, rangi itashuka kidogo ndani ya wiki mbili, na itaendelea kushuka polepole katika miezi na miaka inayofuata. Hana haja ya kujitia madoa ya chai kwa makusudi. Ni muda tu.

Lakini vinia, yaani magamba membamba ya kauri yanayogundishwa mbele ya meno, hayana nafuu hiyo. Mara nyingi jino hupunguzwa ili gamba likae, na rangi iliyochaguliwa siku hiyo ndiyo itakayobaki miaka 10 au zaidi, huku macho, ngozi na meno ya chini vikiendelea kuzeeka. Kwa hiyo anayewaza vinia kwa ajili ya rangi peke yake aanze na trei na jeli. Akae na weupe wake miezi michache, ajitazame mchana na usiku, asikie wanasema nini wasiojua kwamba amefanya kitu. Akigundua kwamba A1 ilikuwa nyingi, jino lake mwenyewe litamrudisha. Kauri haimrudishi mtu.